Maski ya kulalia, krimu ya usiku na losheni ya kawaida: nilivyoziona usoni mwangu hapa Lamu

Nianze na jibu, kwa ajili ya asiye na wakati wa kusoma yote. Kama losheni yako ya uso ina gliserini ya kutosha na ina kitu cha kuzuia maji ya ngozi yasitoroke, maski ya kulalia, yaani ile ya kupaka usoni na kulala nayo bila kuiosha, haitakuongezea mengi. Itakufaa zaidi ukiwa unalala kwenye kiyoyozi, au chini ya panka linalokupiga usoni usiku kucha. Na krimu ya usiku, kwa nilivyoona, mara nyingi ni krimu ile ile ya mchana iliyoondolewa kinga ya jua na kuongezwa uzito.

Maski yenyewe aliniletea wifi yangu kutoka Mombasa. Ni ya Kikorea, kopo la mililita 70, jeli ya samawati hafifu yenye harufu ya maua. Alinunua shilingi 2,800. Akaniambia, "Wifi, paka hii ya mwisho kabisa, usiioshe, ulale nayo. Asubuhi utajishangaa." Mimi siku zote hutumia losheni ya uso isiyo na manukato ninayonunua duka la dawa huku Langoni, chupa ya mililita 400 kwa shilingi 1,200. Ukipiga hesabu, maski ni shilingi 40 kwa kila mililita na losheni ni shilingi 3. Kwa tofauti hiyo nilitaka nione kwa macho yangu inaleta nini.

Kabla ya kupaka nilisoma lebo zote mbili, na hapo ndipo mambo yalipoanza kueleweka. Kitu chochote cha kulainisha ngozi hufanya kazi tatu. Kuna viungo vinavyovuta maji na kuyashikilia, kama gliserini na yurea. Kuna vinavyojaza nyufa ndogo ndogo za ngozi iliyopauka ili iwe laini ukiigusa, yaani mafuta ya aina mbalimbali. Na kuna vinavyofunika juu ili maji yasipande hewani, na mfalme wao ni mafuta ya mgando, haya ya vaselini tunayoyajua tangu utotoni. Viungo huandikwa kwenye lebo kuanzia kilicho kingi kushuka hadi kilicho kidogo, ila vikishafika chini ya asilimia moja mtengenezaji anaweza kuvipanga apendavyo. Kwa hiyo kama maua yaliyopigwa picha kwenye kopo yanatajwa mkiani, karibu na manukato, basi yamo kidogo sana.

Maski ya wifi ilianza na maji, ikafuata gliserini, kisha silikoni, kisha kiungo cha kutengeneza jeli ambacho kikikauka huacha utando mwembamba usoni. Losheni yangu nayo ilianza na maji, ikafuata gliserini, kisha mafuta, silikoni, na keramaidi mbili, yaani mafuta ya aina ile iliyomo ndani ya ngozi yenyewe. Yaani karibu kazi zile zile. Jambo la pekee la maski lilikuwa ule utando.

Nikaamua kugawa uso. Shavu la kulia losheni peke yake, shavu la kushoto losheni na maski juu yake, kiasi cha punje ya mbaazi. Ulikuwa msimu wa kaskazi, panka likizunguka usiku kucha. Kila asubuhi nilipoamka upande wa kushoto ulikuwa unang'aa na mororo, hata mama mkwe akauliza nimepaka nini. Ukiishia hapo utasema maski imeshinda. Lakini kipimo ninachokiamini mimi ni kingine: naosha uso kwa maji matupu, nafuta kwa kitambaa safi bila kusugua, nakaa robo saa bila kupaka chochote. Ngozi iliyokosa maji huanza kukaza pembeni mwa mdomo na juu ya mashavu, na ukiikwaruza taratibu kwa ukucha huacha mstari wa weupe. Kwa kipimo hicho mashavu yote mawili yalikuwa sawa. Mng'ao ulikuwa ni ule utando na gliserini iliyobaki juu, na vyote viliondoka na maji ya kunawa.

Baada ya majuma kadhaa nikabadilisha. Upande wa kulia nikaongeza mafuta ya mgando juu ya losheni, kidogo sana, nikiyapasha moto kwanza kati ya vidole viwili kisha kuyagandamiza, si kuyasugua. Sasa upande wa kulia ndio uliokuwa bora baada ya robo saa, hasa pembeni mwa pua ambapo mimi hupauka haraka. Hili halikunishangaza. Katika vitu tunavyoweza kupaka bila cheti cha daktari, mafuta ya mgando ndiyo yanayozuia maji ya ngozi kuliko vyote, na utando wa jeli haukaribii hata kidogo. Na haja ya kuzuia usiku ipo kweli: ngozi imepimwa ikaonekana hupoteza maji zaidi usiku kuliko asubuhi. Hiyo ndiyo chembe ya ukweli katika wazo zima la krimu ya usiku.

Lakini hewa yetu ni ya bahari, na hapa lazima niwe mkweli kwa walio Amu, Malindi na Mombasa. Masika yalipoingia, usiku ukiwa mzito, umeme umekatika na panka limesimama, mafuta ya mgando kwenye paji la uso yalinitoa vipele vidogo vyenye kuwasha, vilivyolingana kwa ukubwa, karibu na nywele. Nadhani ilikuwa harara ya jasho lililozibiwa njia. Maski haikunitoa vipele hivyo. Kwa hiyo ina sifa moja ya haki: inafunika kwa wepesi, na mtu mwenye uso wa mafuta anaweza kuivumilia katika joto ambalo krimu nzito ya usiku hailiwezi. Siku hizi mafuta ya mgando nayaweka pembeni mwa pua na juu ya mfupa wa shavu tu. Paji la uso na kidevu naviacha na losheni peke yake.

Mahali maski ilipojitetea vizuri ni kazini. Nafanya mapokezi katika hoteli moja ya Shela, na zamu ya usiku tunapumzika katika chumba chenye kiyoyozi. Kiyoyozi hukausha hewa, ndiyo maana kile kibomba cha nje hudondosha maji muda wote. Nikilala mle na losheni tupu naamka uso umekaza. Nikilala na maski juu yake naamka vizuri. Losheni na mafuta ya mgando kidogo hufanya kazi ile ile, ila siwezi kuamka kupokea mgeni wa alfajiri uso ukiwa unateleza, na maski ikishakauka haionekani sana. Anayeishi kwenye kiyoyozi na hapendi mafuta, nitamwelewa akinunua.

Sasa krimu ya mchana na ya usiku. Nimezipitia lebo za seti mbili zinazouzwa pamoja, na tofauti za maana nilizoziona ni mbili. Ya mchana ina kinga ya jua, ya usiku haina. Na ya usiku wakati mwingine ina retinoli, yaani aina ya vitamini A ya kupunguza mikunjo na madoa, ambayo huharibika ikipigwa na mwanga na ndiyo maana hupakwa usiku. Mwenye mimba asiitumie. Kama krimu ya usiku haina retinoli wala kiungo kingine cha kazi maalumu, unalipia kopo la pili lenye krimu nzito zaidi, na losheni moja nzuri ingekutosha mchana na usiku. Na krimu ya usiku isiyo na orodha ya viungo, inayoahidi kukutoa mweupe kwa wiki, usiiguse hata ukipewa bure. Humo ndimo zebaki na steroidi hufichwa, na ngozi ikishazoea steroidi kuiachisha ni mateso.

Kuna jambo moja la hatari ambalo kopo la maski halikulisema. Mwenzangu wa kazini hutumia krimu ya retinoli, na alipoijaribu maski hii aliipaka juu ya krimu hiyo usiku ule ule. Siku chache baadaye pembe za pua na za mdomo zilikuwa nyekundu, zinamenyeka na kuchoma akinawa. Maski haikuwa na ukali wowote. Kilichotokea ni kwamba chochote kilichofunikwa huzama zaidi ndani ya ngozi, na retinoli ikizidi huchoma. Aliacha vyote viwili, akabaki na losheni na mafuta ya mgando mpaka ngozi ikatulia, kisha akarudisha retinoli kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima, usiku mmoja na kupumzika mmoja. Maski, akitaka, anaipaka usiku wa mapumziko.

Kero nyingine ni ya asubuhi. Usipoiosha maski vizuri, ule utando hukutana na sanskrini na kuanza kutoka vijipande vyeupe ukipapasa uso, na sanskrini inakaa viraka viraka. Nilikuwa nanawa mara mbili, na kungoja losheni ikauke kabisa, ndipo nipake sanskrini ya urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo. Kwangu hiyo ni dosari kubwa, kwa sababu sisi tuko karibu digrii mbili tu kusini ya ikweta na jua letu ni kali mwaka mzima, hata siku ya mawingu. Madoa ya mashavuni yanayotusumbua wanawake wengi huku hayaletwi na kukosa maski usiku. Hata anayevaa ninja, sehemu ya macho na juu ya pua inabaki wazi, na hapo ndipo wengi wetu tunapokolea madoa.

Nikiulizwa kuhusu liwa, kwa kuwa kila ninapozungumzia maski lazima mtu aitaje: liwa naipenda na sitaiacha, inapoza na inanukia, lakini ikikaukia usoni hukaza ngozi. Nyanya zetu walijua, ndiyo maana baada ya kuiosha walipaka mafuta. Basi isihesabiwe kama mbadala wa maski ya kulalia.

Kwa nyota, maski naipa tatu kati ya tano: nyepesi, haikunitoa vipele, inafaa kwenye kiyoyozi, lakini bei haiendani na kazi, manukato ni mengi na asubuhi inasumbua sanskrini. Losheni ya duka la dawa naipa tano bila kusita. Kopo hili nitalimalizia kwenye zamu za usiku, na wifi nimeshamwambia safari ijayo asilete jingine, aniletee sanskrini isiyoacha weupe kwenye ngozi yetu.