Uzoefu wangu: dona, sembe na ngano, na jinsi ninavyosoma pakiti kabla ya kulipa

Kwa dona, jina la chapa kwangu lina uzito mdogo kuliko tarehe ya kusagwa. Sembe imekobolewa, pumba na kiini vimetoka, hivyo inakaa miezi bila shida. Dona husagwa pamoja na kiini, na kiini ndicho chenye mafuta. Mafuta hayo yakishapigwa hewa na joto huchacha: unga unanuka kama karanga za zamani, na ugali unaacha uchungu nyuma ya ulimi. Pakiti ya dona yenye mwezi mmoja ninaichukua. Ya miezi minne naiacha hata ikiwa bei imeshushwa, na hasa ikiwa imeshushwa.

Dona ina jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo kukoboa huipunguza, ilhali dona huibeba yote iliyokuwa kwenye punje. Kuipika hakuiondoi, na jicho haliioni. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu jumla ya mikrogramu 10 kwa kilo. Ndiyo maana sembe ya mashine ya mtaani naweza kuivumilia, lakini dona nainunua yenye alama ya TBS (Kenya, KEBS) na namba ya toleo inayosomeka, ili ikitangazwa kuondolewa sokoni nijue kama ni yangu.

Maneno "imeongezwa virutubishi" mbele ya pakiti hayatoshi. Geuza nyuma utafute namba ya kiwango: EAS 768 ni unga wa mahindi ulioongezwa virutubishi, EAS 767 ni wa ngano. Ukiona EAS 44 peke yake, huo ni unga wa mahindi wa kawaida. Kisha soma orodha: madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na B12 viwepo, kila kimoja na kiasi chake. Kwa sembe hili lina maana zaidi, maana kukoboa kumeshaondoa sehemu kubwa ya virutubishi vya asili. (Wanaosema unga huo una ladha ya dawa, mimi sijaionja.)

Ngano naipima kwa protini. Gramu 11 na zaidi kwa kila gramu 100 zinafaa mkate na chapati zinazovutika. 9 hivi ni ya keki. Chapati ya unga wa keki hukatika ukiisukuma.

Kwenye kiroba cha kilo 25 naangalia mshono wa mdomo. Ukiwa na tundu za sindano safu mbili, kilishafunguliwa. Alama ya maji chini inamaanisha kililazwa sakafuni bila chaga. Pakiti ya karatasi naitikisa: mabonge magumu ni unyevu, nyuzi kama za buibui kwenye mikunjo ni nondo, na hapo hata pakiti za jirani yake sizigusi.