Kichujio cha wastani wa ujazo: kilinifaa, kisha nikaingia mkenge

Nina miezi minane na skana hii, programu ya kunichagulia hisa za Marekani, nikiwa hapa Dodoma. Soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu (wenzetu wakirudisha saa nyuma Novemba, inakuwa kumi na moja na nusu). Natoka kazini, nafungua kompyuta, nakuta orodha ya kufuatilia imeshajipanga.

Mwanzoni, bila kichujio, iliniletea kila hisa iliyopanda asilimia kumi, hata ile iliyopandishwa na mtu mmoja aliyenunua hisa mia mbili. Nikaweka sharti: wastani wa ujazo, yaani idadi ya hisa zinazouzwa kwa siku, ukipimwa kwa siku 20 usipungue hisa 300,000. Takataka nyingi zikaondoka. Hapo sina ubishi.

Mkenge niliuingia mwezi wa pili. Hisa moja ya dola mbili na ushei ilipita ikiwa na wastani wa 419,000. Nikanunua 500 kwa dola 2.30. Nilipotaka kutoka, mnunuzi wa juu alikuwa anatoa 2.10, tena kwa hisa 100 tu. Waliomfuata walitoa chini ya hapo. Nikauza kwa bei ya soko, agizo likawapitia mmoja mmoja kushuka chini, mwisho nikaambulia wastani wa 2.05. Dola 125 zimekwenda, na hakuna habari mbaya hata moja iliyotoka.

Usiku huo nikazikagua zile siku 20. Siku 19 ziliuzwa kama hisa 20,000 kila moja. Siku moja, kampuni ilipotoa tangazo, ziliuzwa 8,000,000. Jumla 8,380,000, gawa kwa 20, ndiyo 419,000 yenyewe. Ni mnada wa Msalato huo: chukua umati wa Jumamosi uugawe kwa siku saba, utaamini Jumanne kuna wateja, umburute mbuzi wako hadi huko bure.

Skana haina kipimo cha namba ya katikati, na hilo ndilo linaloifanya nisiipe nyota tano. Kwa hiyo kila jina jipya napakua ujazo wake wa siku 20, naumwaga kwenye jedwali na kuandika:

```
=MEDIAN(B2:B21)
```

Hisa ile ingetoa 20,000, ningeitupa papo hapo.

Halafu kichujio kinahesabu hisa, hakihesabu pesa. Hisa ya senti 40 ikiuzwa 500,000 inapita, ingawa ni dola 200,000 tu kwa siku. Ya dola 180 ikiuzwa 200,000 inatupwa, na hapo zimezunguka dola milioni 36! Zidisha kwa bei kabla hujaamini.

Kero ya mwisho: orodha hujisafisha kila siku, ikanifutia hisa niliyokuwa bado ninayo, wastani wake uliposhuka chini ya sharti. Nilizonunua sasa zinakaa kwenye orodha ya pili, isiyo na kichujio.