Kitabu cha Kichina cha mfukoni: nyota mbili kati ya tano

Nilikinunua Kariakoo kwa sh. 15,000 kabla ya kwenda Guangzhou kufuata makoti ya watoto. Karatasi nzuri, kinaingia mfukoni, na maneno ya Kichina yameandikwa kwa herufi zetu. Tatizo ni kwamba hakina alama za kupanda na kushuka kwa sauti, na mwandishi hajui soko.

Dukani nilisoma kama kilivyoandika: "Wo yao mai", nataka kununua. Muuzaji akacheka, akautazama mkoba wangu, akaashiria niufungue. "Mai" ya kununua, sauti huteremka chini kisha inainuka kidogo. Ukiiangusha kwa mkato, kama nilivyofanya, unasema unauza. Mama wa watu alikuwa anasubiri bidhaa zangu.

Hilo dogo. Nikaonyesha koti, nikauliza bei. "Yi bai wu." Kitabu kinasema yi ni 1, bai ni 100, wu ni 5, basi nikajua ni yuani 105. Kumbe ni 150. Ukifika kwenye mamia, Mchina huacha kutaja neno la makumi mwishoni, kwa hiyo wu hapo ni hamsini. Angetaka 105 angesema "yi bai ling wu", yaani sifuri ya katikati lazima itajwe. Kitabu hakigusi kabisa jambo hilo, na hapo ndipo hela inapopotelea.

Nikaomba punguzo la asilimia 20. Ukurasa wa kupatana bei unasema "da ... zhe" ni punguzo, weka namba katikati: 2 kwa asilimia 20, 3 kwa 30. Nikasema "da er zhe", nikitarajia nilipe 84, maana wakati huo bado nilidhani bei ni 105. Uso wa yule mama ukabadilika. Akabonyeza kikokotoo, akanisogezea: 30. Kisha akalirudisha koti kwenye henga.

Kijana wa Mombasa aliyekuwa duka la pili akaingilia. "Kaka, umemwambia akuuzie kwa asilimia ishirini ya bei!" Namba ya zhe ni sehemu unayolipa, si inayokatwa. Ukitaka kupunguziwa asilimia 20 unasema "da ba zhe", nane, yaani unalipa asilimia 80. Kwa 150 inakuja 120. Kitabu kimeigeuza kichwa chini miguu juu, na ukiona bango lenye 9 usikimbilie, hapo umepunguziwa asilimia 10 tu.

Yule mama alitulia alipoelezwa, akaniachia kwa 120 kila moja.

Nyota mbili nimetoa kwa sababu ya kurasa za hoteli, chakula na hospitali. Huko wamechapisha maandishi ya Kichina chenyewe kando ya kila sentensi, kwa hiyo unaonyesha kwa kidole na mtu anasoma. Kurasa za soko hazina. Anayekwenda kununua mzigo aandikiane bei kwenye kikokotoo, namba za 150 na 120 hazina lafudhi.