Programu za kufuatilia bidhaa dukani: ipi itakuonya mzigo ukiwa bado haujachelewa Mokowe

Mwenye duka la rejareja Lamu hahitaji sana programu ya kumwambia ameuza shilingi ngapi. Hilo droo na ujumbe wa M-PESA humwambia. Anachotaka ni kujua sukari inakaribia kwisha wakati bado kuna nafasi ya kuiagiza, na kwetu mzigo huchukua siku nyingi kufika. Mzigo ukitoka Mombasa hupita Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, hushushwa, hupakiwa botini, na ukifika gatini Lamu hungoja punda au mkokoteni. Tana ukifurika barabarani, siku zinaongezeka. Ndiyo maana nimezipanga programu hizi kwa kipimo kimoja: ipi itanionya mapema vya kutosha, katika duka lenye mtu mmoja au wawili, simu ya kawaida, na bando linalokatika.

Kabla ya kuchagua, pata namba moja ambayo karibu kila programu itakuomba, yaani kiwango cha kuagiza. Tuseme duka la Langoni limeuza kilo 225 za sukari kwa siku 30. Ukigawanya unapata kilo 7.5 kwa siku, na hapo wengi wanakosea, kwa sababu katika siku hizo 30 sukari ilikuwa imekwisha kwa siku 5. Wateja walikuja wakarudi mikono mitupu. Gawanya kwa siku 25 ambazo sukari ilikuwepo, upate kilo 9. Ikiwa mzigo kwa kawaida hufika siku ya nne, lakini ukichelewa hufika siku ya sita, hesabu kwa sita: 9 mara 6 ni kilo 54. Zikibaki kilo 54, piga simu kwa muuzaji wa jumla siku hiyohiyo. Ungetumia ile 7.5 ungesubiri mpaka kilo 45, nazo ni za siku tano tu.

Ya kwanza: Loyverse POS. Programu ya msingi ni ya bure, inaingia kwenye simu ya Android na ya iPhone, na inarekodi kila mauzo ya kaunta hata intaneti ikiwa haipo. Ingia `Back Office`, yaani ukurasa wa Loyverse wa kusimamia duka, kwa kivinjari cha simu au kompyuta, na kwa kila bidhaa unawasha `Track stock`, kisha kwenye `Low stock` unaandika kiwango chako, mfano 54. Halafu humohumo fungua `Settings`, kisha `Features`, uwashe `Low stock notifications`. Kuanzia hapo utapata barua pepe ya kila siku yenye orodha ya bidhaa zilizopungua au kwisha. Hiyo barua pepe pekee ndiyo iliyoiweka juu ya nyingine zote, kwa kuwa haikungojei ukumbuke kuangalia.

Shida yake kubwa haimo ndani ya programu. Imo katika namna tunavyouza. Sukari tunainunua kwa gunia la kilo 50 na kuiuza kilo, nusu na robo. Ukiichagulia `Weight/Volume` badala ya `Each`, unaweza kuuza 0.25 na stoki ikapungua sawasawa. Lakini robo dukani huwa na bei yake, ambayo si lazima iwe robo kamili ya bei ya kilo, na programu itapiga hesabu ya bei kwa uzito. Dawa yake ni kuunda bidhaa nyingine iitwayo “Sukari robo”, kuipa bei yake, na kuifanya `Composite item` iliyobeba kilo 0.25 ya sukari. Kila ikiuzwa, stoki ya sukari ya kilo ndiyo inayopungua. Kwa unga ni vivyo hivyo kinyume chake: stoki ihesabiwe kwa paketi, na “Beli la unga” liwe na paketi 12.

Utajuaje kuwa hesabu imeharibika? Angalia stoki inayosoma chini ya sifuri. Maana yake mzigo uliingia dukani bila kuandikwa, au kilo na gunia zimechanganywa. Ikiwa stoki inasoma juu kuliko kilichomo rafuni, basi kuna kinachotoka bila kupigwa: mkopo wa jirani, maziwa yaliyopelekwa nyumbani, au sukari iliyomwagika wakati wa kupima. Mkopo uandike kama mauzo, kwa kuongeza njia ya malipo iitwayo “Deni”, ili stoki ipungue siku mali inapotoka na si siku pesa zinapoingia. Cha nyumbani kipige kwa punguzo la asilimia 100, kisivimbishe mauzo. Na mwisho wa juma hesabu kwa mkono zile bidhaa chache zinazotoka haraka, usahihishe.

Tahadhari moja: mauzo yaliyopigwa bila intaneti hukaa kwenye simu mpaka mtandao urudi. Usitoke kwenye akaunti wala kuifuta programu kabla hayajapanda, la sivyo yatapotea.

Ya pili: Google Sheets. Hii inamfaa anayeandika daftari kila jioni na hataki kupiga kila mauzo simuni. Ni bure, na faili unaweza kuiweka ifunguke bila intaneti. Inaishinda Loyverse kwa jambo moja: kiwango cha kuagiza kinajihesabu chenyewe. Weka stoki ya mwanzo B, uliyonunua C, uliyouza D, wastani wa siku E, na siku za mzigo F:

```
=IF(B2+C2-D2<=E2*F2,"AGIZA","")
```

Ramadhani ikikaribia na sukari ikipanda hadi kilo 15 kwa siku, unabadilisha E peke yake na onyo linahamia kilo 90. Kwenye Loyverse itabidi uikumbuke 54 uiandike upya mwenyewe. Udhaifu ni kwamba jedwali linajua tu ulichoandika jana. Siku mbili za uchovu na limekuwa la zamani.

Ya tatu: Stock and Inventory Simple. Ni ya Android, nyepesi, ya kuandika kilichoingia na kilichotoka. Inafaa stoo kuliko kaunta. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anayeuza mara chache lakini kwa wingi, ataipenda. Wa viberiti na majani ya chai atachoka.

Ya nne: Zoho Inventory. Ina uwezo mkubwa na ina kiwango cha kuagiza kwa kila bidhaa, lakini imejengwa kwa biashara ya oda na ankara. Mpango wake wa bure huwekea kikomo idadi ya oda za mwezi, na duka la rejareja hukimaliza mapema.

Programu ya M-PESA for Business sikuipa nafasi. Inaonyesha pesa zilizoingia kwenye till, haijui kama ni za unga au za sabuni. Na risiti ya programu yoyote kati ya hizi si ankara ya eTIMS mpaka iunganishwe na mfumo wa KRA, kwa hivyo asikuuzie mtu mojawapo kwa kusema umemalizana na kodi.

Kuhusu kulipia: Loyverse ina nyongeza ya `Advanced inventory`, inayotozwa kila mwezi kwa kila duka, yenye oda za manunuzi na kuhamisha mali kati ya maduka. Duka moja haliihitaji. Ukifungua la pili Shela na mali ikawa inavuka kila juma, hapo ilipie.