Uzoefu wangu: jedwali la kujua natakiwa kupata ngapi kwenye UE ili nifikie A

Semista iliyopita nilikuwa na masomo matano na swali lile lile kila usiku: kwa kosiweki hii, UE nipate ngapi ili nitoke na A? Chumbani kwetu tulikuwa tunakadiria kichwani, na kila mtu alikuwa na hesabu yake. Siku moja nikafungua Google Sheets kwenye simu nikaanza kulitengeneza jedwali la kunijibu. Nimelitumia semista nzima, kwa hiyo naandika nikijua lilinisaidia wapi na lilinidanganya wapi.

Chuoni kwetu kosiweki ni 40 na mtihani wa mwisho, yaani UE, ni 60. A inaanzia 70, B+ 60, B 50 na C 40. Kama kwenu mgawanyo ni mwingine, badilisha namba tu, hesabu ni ile ile.

Nitaeleza kwa somo la Takwimu, maana ndilo lililonifundisha zaidi. Kosiweki yake ina testi ya kwanza yenye uzito wa 15, testi ya pili 15, na asainimenti 10. Safu A niliweka jina la kazi, B alama niliyopata, C imesahihishwa kati ya ngapi, D uzito wake, na E mchango wake kwenye mia. Mstari wa 2 hadi wa 4 ni za kosiweki, wa 5 ni UE. Kwenye E2 niliandika hivi, halafu nikainakili hadi E5:

```
=IF(B2="","",B2/C2*D2)
```

Testi ya kwanza nilipata 12 kati ya 30, ikanipa 6. Asainimenti 9 kati ya 10, ikanipa 9. Tafadhali usiruke hatua hii ya uzito. Rafiki yangu alikuwa anachukua asilimia za kazi zake zote, anazijumlisha na kugawa kwa idadi. Kwa njia hiyo asainimenti ya uzito 10 inakuwa na nguvu sawa na testi ya 15. Baadaye, nilipopata 24 kati ya 40 kwenye testi ya pili, kosiweki yangu halisi ilikuwa 24. Kwa njia yake ingesomeka 25 na ushee, alama moja na zaidi ambayo haipo popote.

Sasa kosa lililoniumiza mimi. Toleo la kwanza la jedwali lilikuwa linachukua lengo, linatoa kosiweki iliyopo, na kugawa kwa 60. Matokeo ya testi ya pili yalikuwa hayajatoka, kwa hiyo ile seli ilikuwa tupu na jedwali likaihesabu kama sifuri. Nilikuwa na 15 tu mkononi. Jedwali likasema A ya Takwimu inataka 92 kwenye UE. Nilikata tamaa kabisa, nikaweka daftari la Takwimu pembeni karibu wiki nzima. Mwenzangu wa chumbani ndiye aliyeangalia simu yangu akaniuliza, "Shosti, kwani testi ya pili wamekupa ziro?"

Hapo ndipo nikaelewa. Kazi ambayo haijasahihishwa si alama uliyopoteza, ni alama ambayo bado iko mezani. Kwa hiyo hutakiwi kugawa kwa 60, unagawa kwa uzito wote uliobaki. Mimi nilikuwa nimebakiwa na 15 za testi na 60 za UE, jumla 75. Nilihitaji 55 kati ya hizo 75 ili nifike 70, yaani wastani wa asilimia 74. Kutoka 92 hadi 74! Nikarudi kwenye daftari siku hiyo hiyo.

Fomula iliyorekebishwa ni hii. Malengo, 70, 60 na 50, nimeyaweka H2 hadi H4, na fomula inaanzia I2:

```
=ROUNDUP((H2-SUM($E$2:$E$5))/SUMPRODUCT(($B$2:$B$5="")*$D$2:$D$5)*100,0)
```

Ile sehemu ya `SUMPRODUCT` inajumlisha uzito wa zile kazi tu ambazo seli yake ya alama iko tupu. Alama za dola zinazuia maeneo yasihame unapoinakili fomula kwenda chini. Na nimetumia `ROUNDUP` kwa makusudi, kwa sababu ukihitaji 74.3 ukaambiwa 74, utaipata 74 yako na A utaikosa. Ukiona namba imezidi 100, lengo hilo haliwezekani tena. Ukishajaza na UE itatokea `#DIV/0!`, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kugawia, usishtuke.

Testi ya pili ilipotoka na 24 yangu kati ya 40, nilijaza na namba zikabadilika hapo hapo: A sasa ilitaka 77 kwenye UE, B+ ilitaka 60, B ilitaka 44. Kuziona tatu kwa pamoja kunasaidia kuliko kuwa na lengo moja, maana unajua ukianguka kidogo utaangukia wapi.

Kuna jambo moja jedwali halijui lenyewe. Chuoni kwetu ukipata chini ya 24 kati ya 60 kwenye UE, yaani chini ya asilimia 40, unakwenda sapu hata kosiweki yako iwe nzuri vipi. Mwenye kosiweki ya 35 akiuliza C inataka ngapi, fomula itamjibu 9. Ni jibu la hatari. Nikaifunga fomula yote ndani ya `MAX(40, ...)` ili isishuke chini ya 40. Soma prospektasi ya chuo chako ujue kiwango chenu kabla ya kuandika hiyo namba.

Faida kubwa niliiona wiki mbili kabla ya mitihani. Takwimu ina krediti 12 na A ilikuwa inataka 77. Uchumi una krediti 8, kosiweki yangu ilikuwa 17, na A ilikuwa inataka 89. Semista ilikuwa na krediti 60. Kutoka B+ kwenda A ni pointi moja zaidi kwa kila krediti, kwa hiyo Takwimu ingeniongezea 0.2 kwenye GPA ya semista, na Uchumi 0.13 kwa jasho kubwa zaidi. Nikaamua Uchumi nitafute B+, ambayo ilitaka 72, na saa za asubuhi kichwa kikiwa chepesi nikazipa Takwimu.

Takwimu ilitoka 71, A. Uchumi ulitoka 58, B, pungufu ya alama mbili tu kufika B+, na hilo bado linaniuma.

Nalipa jedwali hili nyota nne kati ya tano. Linafanya kazi kwenye simu hata bando likiisha, mradi faili umeliwezesha mapema kufunguka bila intaneti. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu halina maana mpaka walimu watoe kosiweki, na kuna somo moja ambalo yetu ilibandikwa siku tatu kabla ya UE. Semista hii nimeongeza safu ya tarehe ya kila testi, na seli za alama zisizotoka naziacha tupu, siandiki sifuri.