Niliukataa mche mrefu kuliko yote: uzoefu wangu na kitalu cha parachichi Njombe

Nilinunua miche ya Hass ya kubebeshwa kwenye kitalu kimoja hapa Njombe. Kijana anayehudumia alinichagulia mmoja uliopita wenzake wote kwa urefu. "Chukua huu, mama, umeshiba."

Niliinama nikaanza kuukagua kutoka usawa wa udongo kwenda juu. Penye maungio, karibu shubiri moja juu ya kiriba, kikonyo, yaani kijiti cha Hass kilichobebeshwa juu ya shina, kilikuwa kimekauka na kuwa cheusi. Tawi lile nene lilikuwa limetokea chini ya maungio, kwenye shina lililooteshwa kwa kokwa. Kikonyo cha Hass kilikuwa kimekufa, shina la chini likachipua na kushika nafasi yake. Nilisugua jani lake kwenye viganja likanukia kama bizari tamu, harufu ambayo jani la Hass halina. Ila harufu isikupe uhakika wote, maana mashina mengine ya kienyeji nayo hayanukii. Dalili ya kutegemea ni mahali tawi linapoanzia. Ningeupanda, ningesubiri miaka mingi tunda nisilolijua, wakati Hass iliyobebeshwa vizuri huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu.

Kijana hakubisha. Aliuweka kando na kuniruhusu kufungua utepe wa nailoni kwenye mingine, na hilo nawasifu kwa dhati. Maungio mazuri yalikuwa na kovu lililofunga pande zote, gamba la juu na la chini vikiwa vimeshikana bila ufa. Nilishika shina chini ya maungio kwa mkono mmoja, kikonyo kwa mwingine, nikapinda taratibu: mche mzima huinama wote pamoja. Mmoja ulifunguka ufa mwembamba upande mmoja, nikaurudisha. Mingine miwili utepe ulikuwa umeachwa muda mrefu ukazama kwenye gamba na kuacha kiuno chembamba. Hiyo nayo siichukui, kwa sababu shina lililokabwa hivyo huweza kuvunjika kwa upepo hata kama majani ni mabichi.

Machipukizi madogo chini ya maungio hayakunifanya niukatae mche ambao kikonyo chake ni kizima na kina majani yaliyokomaa. Niliyang'oa kwa vidole yakiwa bado laini, nikiyavutia chini yatoke na kitako chake. Ukiyakata kwa kisu na kuacha kisiki, macho yaliyobaki huchipua tena, mara nyingi mengi zaidi.

Huduma naipa alama nzuri, na nitarudi kununua. Wanachopungukiwa ni kuondoa utepe kwa wakati na kung'oa machipukizi kabla ya kuuza. Shambani nimepanda maungio yakiwa juu kabisa ya udongo, na matandazo nimeyasogeza mbali na shina, ili nikipita nione upesi kinachochipua chini yake.