Uzi gani ununue kwa bawaba za kukunja na klipu za printa ya 3D

Nilimchapia mama kijisanduku cha vidonge, boksi na kifuniko kipande kimoja, katikati ukanda mwembamba wa plastiki unaokunjika badala ya bawaba ya chuma. Uzi niliotumia ulikuwa PLA, kwa sababu ndio uliokuwa kwenye printa. Siku ya pili jioni kifuniko kilibaki mkononi mwake. Tangu hapo nimejaribu karibu kila roli inayopatikana, na huu ndio mpangilio wangu.

Kwa bawaba, nafasi ya kwanza ni PP. Geuza kifuniko cha shampuu, kile cha kubonyeza kwa kidole gumba, na mara nyingi utakuta pembetatu yenye namba 5. Hiyo ndiyo PP, na hufunguliwa mara mia kadhaa kabla chupa haijaisha. Taabu yake ni kwamba haishiki kwenye kitanda cha printa: pembe zinanyanyuka kabla hujafika nusu ya kazi. Dawa ni gundi-tepu pana ya kufungia maboksi. Nyingi zimetengenezwa kwa PP ileile, na PP hushikana vizuri na PP mwenzake. Ibandike kitandani bila mikunjo, uchape juu yake.

Ukishapata uzi, usiharibu kazi kwa unene. Chukua ukanda wenye upana wa mm 3 kutoka boksi hadi kifuniko, na unene wa mm 0.4. Ukiukunja mpaka kifuniko kilalie boksi, upande wa nje unavutika takriban 21%. PLA nyingi hukatika hata kabla ya 10%, ndiyo maana mama alibaki na vipande viwili. Sasa mtu huona ukanda umekatika, akauongeza hadi mm 0.8 "uwe na nguvu". Mvutano unapanda hadi 42%, nao unakatika mapema zaidi. Mimi nabaki na mm 0.4, yaani tabaka mbili za mm 0.2, tabaka moja peke yake huacha vitundu. Nafasi ikiruhusu, ongeza upana wa ukanda, si unene.

Jambo la pili ni mwelekeo. Boksi lilale wazi kitandani, na mistari ya plastiki ivuke ukanda kutoka boksi kwenda kwenye kifuniko. Ikienda sambamba na mkunjo, unakuwa unaachanisha mstari na mwenzake, na gundi ya katikati yao ni dhaifu kuliko mstari wenyewe. Programu nyingi huilaza mistari kwa nyuzi 45. Katika Cura tafuta `Top/Bottom Line Directions`, weka pembe moja tu, kisha angalia kwenye `Preview` kama kweli inavuka. Ikiwa haivuki, badilisha pembe. Kipande kikitoka, kikunje polepole mara kadhaa kingali na joto. Mstari mweupe ukitokea kwenye PP usikutishe. Kwenye PLA au PETG weupe huo ni ufa unaokuja.

Kwa klipu, nanunua nailoni. Klipu haikunjwi kabisa, inasukumwa kidogo na kurudi, kwa hiyo inataka ugumu kiasi. Ila ukiishi Dar au Mombasa jua kwamba nailoni hunywa unyevu wa hewa usiku mmoja tu. Ukisikia printa ikitoa milio kama mafuta ya vitumbua yaliyodondokewa maji, uzi umelowa: ukaushe kwa nyuzi 70 hadi 80 za joto, saa nane au zaidi. Cha ajabu, klipu ikishachapwa unyevu huohuo unailainisha na kuifanya isivunjike kirahisi.

Klipu ilaze kwa ubavu, tabaka zifuate urefu wa mkono wake. Ikisimama wima itakatika shinani kama biskuti. Na mkono uwe mrefu. Wenye unene wa mm 2 na urefu wa mm 12, ukisukumwa mm 1, unavutika takriban 2% shinani. Ukiurefusha hadi mm 20 haufiki hata 1%. Shina liwe na mviringo, lisiwe kona kali.

PETG naiweka ya pili kwa klipu, na kwa mtu asiye na kikaushio ningeiweka ya kwanza. Kwa bawaba inafaa kifuniko cha kufungua mara mojamoja tu. TPU ya 95A haikatiki kirahisi, lakini kifuniko kinalegea na boksi lote linakuwa kama kandambili. PLA iache kwa mapambo.

Dukani soma lebo yote. PP-GF ni PP na PA-CF ni nailoni, ila zimechanganywa vipande vya nyuzi za kioo au kaboni ili zisipinde, na bei yake ya juu humfanya muuzaji azisifie. Kwa ukanda wa kukunja hazifai hata kidogo.